Baiskeli ya mazoezi au eliptiko: kilomita za ipi zinakaribia za barabarani?

Watu wawili wanatoka jimu moja hapa Moshi. Mmoja alikuwa kwenye baiskeli ya mazoezi dakika 40, skrini ikamwandikia kilomita 18. Mwenzake alikuwa mashine ya pembeni, ile eliptiko ya kusimama unasukuma miguu na mikono kama mtu anayekimbia hewani. Dakika ni zilezile na jasho ni lilelile, lakini yeye kaandikiwa kilomita 4 na nusu. Wa baiskeli anajiona kidume, wa eliptiko anaanza kuuliza kama mashine yake ni mbovu.

Huenda si mbovu hata kidogo. Namba zote mbili hazikupimwa barabarani, na hazikutungwa kwa kanuni moja. Ila zinatofautiana kwa jambo moja ambalo ndilo la kuangalia unapochagua: kilomita za baiskeli ya mazoezi unaweza kuzigeuza zikaribie za barabarani kwa hesabu ndogo na uangalifu kidogo. Za eliptiko huwezi, kwa sababu hakuna barabara inayofanana nazo. Hilo halimaanishi kwamba eliptiko ni mashine mbaya. Kwa baadhi ya watu ndiyo bora, ilimradi wasome namba nyingine.

Skrini inahesabu nini hasa

Ukifungua kava la baiskeli ya kawaida ya mazoezi utakuta kitu rahisi mno. Kuna sumaku ndogo imebandikwa kwenye gurudumu zito la chuma au kwenye puli inayozungushwa na pedeli. Pembeni yake, kwa umbali wa milimita chache, kuna swichi ndogo ya sensa. Sumaku ikipita, swichi inafunga na kufungua, skrini inapokea mpigo mmoja. Basi. Hicho ndicho kitu pekee inachokijua kuhusu safari yako.

Kilomita zinapatikana kwa kuzidisha idadi ya mipigo hiyo kwa namba iliyowekwa kiwandani: mzunguko mmoja wa pedeli uhesabiwe kama mita kadhaa. Kiwanda kimoja kinaweza kuweka mita 4, kingine 5, kingine 6. Hakuna sheria inayowabana, maana baiskeli yenyewe haiendi popote. Na wewe ukikaza nobu, kile kitufe cha kuzungusha kinachoongeza ugumu wa pedeli, mpaka mapaja yawake moto, au ukilegeza mpaka pedeli zizunguke zenyewe, kwa mashine nyingi za aina hii kila mzunguko unabaki na mita zilezile.

Zipo mashine za bei kubwa zaidi zinazopima nguvu unayotoa, kwa wati, halafu zinakadiria mtu mwenye nguvu hiyo angekwenda kasi gani barabarani. Kwenye hizo ukikaza, kilomita zinaongezeka. Ni makadirio bado, yenye barabara ya kufikirika isiyo na upepo wala kilima, ila angalau yanaanzia kwenye kazi yako halisi.

Kujua unayotumia ni ya aina gani hakuhitaji fundi. Rudisha DIST, yaani namba ya umbali kwenye skrini, hadi sifuri, legeza nobu, kisha kanyaga mizunguko 100 ukihesabu goti la kulia tu kila linapopanda. Soma kilomita. Rudisha sifuri tena, kaza nobu mpaka uhisi unapanda kilima, kanyaga mizunguko 100 mingine. Kama namba imebaki ileile, mashine inahesabu mizunguko tu. Kama imeongezeka, inajali ugumu. Skrini ikionyesha sehemu moja tu ya desimali, mizunguko 100 haitoshi kukupa jibu la kuaminika. Nenda mpaka 500, hata kama jirani yako atakushangaa unavyonung'unika namba.

Tuseme umepata 0.60 kwa mizunguko 100, nobu ikiwa imelegea na ikiwa imekazwa. Una mashine inayohesabu mizunguko, na kila mzunguko ni mita 6. Ndiyo mashine ya yule bwana wa kilomita 18: alikanyaga mizunguko 75 kwa dakika, kwa dakika 40, ikawa 3,000, mara mita 6, kilomita 18.

Kilomita 18 hizo zingekuwa ngapi nje

Hapa kuna marekebisho mawili, na watu wengi wanaofikiria jambo hili hufanya la kwanza tu.

La kwanza ni la meno na matairi. Baiskeli halisi nayo ina mita zake kwa kila mzunguko wa pedeli, na unaweza kuzijua bila kukisia. Chukua Foniksi ya gia moja. Hesabu meno ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Tuseme 44 na 18. Gawanya, unapata kama 2.44. Tairi kubwa la baiskeli hiyo likizunguka mara moja linafunika karibu mita 2.2. Zidisha: mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedeli. Asiyependa hesabu ashike baiskeli, aweke alama ya chaki chini ya tairi, aivute kinyumenyume mpaka pedeli izunguke mara moja kamili, kisha apime kwa futi kamba. Kinyumenyume nimesema makusudi, kwa sababu ukiisukuma mbele tairi litazunguka na pedeli zitabaki zimetulia.

Kwa hiyo mita 6 za jimu ni mita 5.4 za Foniksi. Kilomita 18 zimeshuka hadi 16.2. Wengi wanaishia hapo na kuridhika.

La pili ndilo kubwa, nalo ni la nguvu. Je, ile mizunguko 75 kwa dakika angeweza kuipata barabarani? Barabarani kuna vitu vitatu vinavyokuzuia: msuguano wa matairi, hewa unayoisukuma kwa kifua, na mwinuko. Kwenye jimu kuna kimoja tu, sumaku au pedi inayobana gurudumu, na ukali wake unauchagua wewe. Mtu anayelegeza nobu anajipa barabara ambayo haipo duniani, tambarare isiyo na hewa.

Tufanye hesabu yenyewe. Mwendeshaji na baiskeli yake wana kilo 85, amekaa wima kama tunavyokaa kwenye baiskeli za kawaida, hakuna upepo, lami ni nzuri. Kwenda kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare anahitaji wati kama 73. Kwenda kilomita 30 kwa saa anahitaji karibu wati 190. Kasi imeongezeka kwa nusu, kazi imezidi mara mbili na nusu, na wa kulaumiwa ni hewa: ukali wake unapanda haraka kuliko kasi. Upepo mdogo tu wa kilomita 10 kwa saa ukikupiga usoni, zile kilomita 20 kwa saa zinataka karibu wati 130. Skrini ya jimu haina habari na lolote kati ya hayo.

Moshi tuna bahati ya kuwa na pande mbili zinazoonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Ukitoka mjini kwenda kusini, njia ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, ni karibu tambarare, ina mteremko mdogo wa kwenda. Ukitoka kwenda kaskazini, kuelekea Mweka, unapanda mlima. Mji uko kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, geti la Mweka liko zaidi ya mita 1,600, na kati yake ni takriban kilomita 15. Kwa wastani ni asilimia 5: kila mita 100 unazokwenda, umepanda mita 5.

Sasa mweke mtu wetu kwenye barabara hizo mbili kwa dakika 40, mara ya kwanza akitoa wati 60, ambao ni mwendo wa kupiga soga bila kukata pumzi, na mara ya pili wati 150, ambao unamfanya mtu wa kawaida ajibu kwa neno moja moja. Ili kulinganisha, kwenye jimu anashika mizunguko 75 kwa dakika mara zote mbili.

| Nguvu ya mguu | Skrini ya jimu | Njia ya TPC, kama tambarare | Njia ya Mweka, mwinuko asilimia 5 |
|---|---|---|---|
| Wati 60 | km 18 | km 12 | km 3 |
| Wati 150 | km 18 | km 18 | km 7 |

Safu ya skrini ndiyo ya kutazama. Kazi imezidi mara mbili na nusu, na skrini haijatikisika. Mara moja kati ya nne inalingana na barabara, na hata hapo ni kwa bahati.

Kilomita 3 za Mweka kwa wati 60 zipo kwenye karatasi tu. Huo ni mwendo wa chini ya kilomita 5 kwa saa, baiskeli inaanza kuyumba, na mtu mwenye akili anashuka na kuisukuma. Ndivyo wanavyofanya wenye Foniksi wanaokwenda juu kufuata ndizi: kupanda ni kusukuma, kushuka ndiyo kupanda baiskeli. Gia moja ya mita 5.4 haikutengenezwa kwa ajili ya Mweka. Hata huyo wa wati 150, anayepanda kwa kilomita 11 kwa saa, angelazimika kukanyaga mizunguko 34 tu kwa dakika, akisimama juu ya pedeli kila hatua. Mwenye baiskeli ya gia nyingi anashusha hadi mita 2.4 hivi kwa mzunguko na anabaki na ile 75 yake.

Angalia tena mstari wa kwanza wa jedwali. Kwa wati 60 kwenye tambarare, Foniksi inakwenda kama kilomita 18 kwa saa, sawa na mizunguko 57 kwa dakika. Jimu, kwa nguvu hiyohiyo, mtu anazungusha 75 kwa sababu nobu imelegea. Mizunguko ya ziada ndiyo inayozaa kilomita za ziada. Ugonjwa wote wa baiskeli ya mazoezi uko hapo, na dawa yake pia.

Kuifanya baiskeli ya jimu iseme kweli

Kama mashine yako haionyeshi wati, tumia mwili wako kama kipimo. Siku moja, asubuhi kabla upepo haujaanza, endesha baiskeli yako halisi njia ya tambarare kwa mwendo unaouweza, angalau dakika 20. Hesabu mizunguko yako kwa dakika moja. Ukisimama, shika shingo au kifundo cha mkono papo hapo, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Usisubiri mpaka upate kivuli. Mapigo yanashuka haraka.

Jimu, shika mizunguko ileile ya barabarani, tuseme 57, na kaza nobu kidogo kidogo, ukikaa dakika kadhaa kila mahali, mpaka mapigo yafanane na ya siku ile. Hapo weka alama kwa kalamu, au kumbuka umezungusha nobu mara ngapi toka mwanzo. Kuanzia hapo, ukikanyaga kwenye alama hiyo kwa mizunguko hiyo, chukua kilomita za skrini zidisha kwa 5.4 gawa kwa 6, utakuwa karibu na umbali wa kweli wa ile njia ya TPC. Ni wa njia hiyo tu. Ukitaka Mweka, huna budi kukaza zaidi na kuhesabu upya.

Chunga joto. Januari na Februari Moshi ni jiko, na jimu isiyo na feni inapandisha mapigo ya moyo bila mguu kufanya kazi zaidi, kwa sababu mwili unapeleka damu kwenye ngozi kujipoza. Ukifuata mapigo katika chumba cha moto utaweka nobu nyepesi kuliko inavyostahili. Fungua madirisha, au fanya zoezi la kulinganisha asubuhi.

Kuna pia kasoro za mashine zenyewe, ambazo hazihusiani na kiwanda wala na wewe. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani mara nyingi husoma maili. Nyuma ya skrini huwa kuna swichi ndogo yenye alama KM/ML, na maili moja ni kilomita 1.6. Ukiona mashine mbili za aina moja zinatofautiana kwa kiasi hicho, usitafute mchawi. Kasoro nyingine ni sensa iliyosogea mbali na sumaku, au betri zinazoisha. Utaijua kwa sababu kasi kwenye skrini inashuka hadi sifuri kwa sekunde halafu inarudi, huku wewe hujapunguza mwendo. Kila sifuri kama hiyo ni mita zilizopotea. Kusogeza sensa irudi karibu ni kazi ya bisibisi moja.

Eliptiko: mita za kitu gani?

Kwenye baiskeli tulikuwa na mahali pa kuanzia, kwa kuwa pedeli ipo jimu na ipo barabarani. Kwenye eliptiko hatuna. Mguu unachora duara lililobonyea, hauachani na kikanyagio, na gurudumu zito linakusaidia kuuzungusha. Unatembea? Unakimbia? Unapanda ngazi? Kiwanda lazima kichague jibu, na kila kimoja kinachagua lake.

Tuchukue mashine ambayo urefu wa hatua yake ni sentimita 45, na mtu anayezungusha mizunguko 60 kamili kwa dakika kwa dakika 40. Hiyo ni mizunguko 2,400, kila mmoja una hatua mbili, kulia na kushoto. Kiwanda kinachojumlisha hatua zenyewe kitaupa mzunguko sentimita 90, na skrini itaandika kilomita 2.2. Kingine kinajiambia huyu ni mkimbiaji, na mkimbiaji wa mwendo wa kawaida anasogea kama mita 1.9 kwa hatua mbili; skrini itaandika karibu kilomita 4 na nusu, zile za mwenzetu wa mwanzo. Cha tatu kimechukua skrini ileile kinayoifunga kwenye baiskeli zake, jambo la kawaida kwa mashine nafuu za nyumbani, kikaweka mita 4 kwa mzunguko. Huyo mtu atashuka na kilomita 9.6.

Kutoka 2.2 hadi 9.6, kwa jasho moja. Na hakuna kati ya hizo namba unayoweza kuiita ya uongo, maana ya kweli haipo ya kuilinganisha nayo.

Mtu anaweza kusema, basi nifanye kama kwenye baiskeli: nihesabu mizunguko 100, nipate mita za kiwanda, nizigeuze kuwa mita za kukimbia. Unaweza kuhesabu, na inafaa ufanye ili ujue mashine yako ni ya aina ipi kati ya hizo tatu. Ila tatizo ni hatua inayofuata. Mkimbiaji anayeongeza kasi hurefusha hatua. Kwenye eliptiko hatua imefungwa na chuma, unaweza tu kuzungusha haraka. Mkimbiaji hubeba uzito wake wote kila anapotua. Hapa vikanyagio vinaubeba. Na ukiegemea mikono ya mashine, sehemu ya kazi imeondoka miguuni na skrini haijagundua. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kuzidisha inayodumu hata kwa mtu yuleyule, akibadili mwendo tu inaharibika.

Kinachobadilishika ni dakika. Kama ukikimbia mapigo yako yakiwa 140 unakwenda kilomita moja kwa dakika 6 na sekunde 40, basi dakika 40 kwenye eliptiko kwa mapigo hayohayo, kwa upande wa moyo na mapafu, ni kama kilomita 6 za kukimbia. Andika 6 kwenye daftari lako, sahau kilichoandikwa kwenye DIST. Mapigo uyahesabu kwa vidole au kwa mkanda wa kifuani. Vile vishikio vya chuma vya mashine hupoteza mapigo mkono ukitoa jasho au ukitikisika, na kwenye eliptiko mkono hautulii.

Kilomita 6 hizo ni za moyo, si za miguu. Misuli ya vigimbi, kano za kisigino na mifupa ya muundi hazikupata kishindo hata kimoja. Anayejiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21.1, akafanya kila kitu kwenye eliptiko, atafika siku ya mbio ana pumzi ya kutosha na miguu isiyojua lami. Na njia yenyewe inapandisha kuelekea Mweka, kisha unashuka. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja ya asiyezoea kishindo.

Sasa uchague ipi

Kama lengo lako ni kuendesha baiskeli barabarani, iwe kwenda kazini au safari ndefu ya Jumapili hadi Himo, jibu ni baiskeli ya mazoezi bila kusita. Ndiyo pekee ambayo namba yake ya umbali inaweza kufundishwa kusema kweli, na misuli inayofanya kazi ni ileile.

Kama wewe ni mkimbiaji, eliptiko inakaribia zaidi mwendo wa kukimbia kuliko baiskeli, umesimama wima na mikono inafanya kazi. Itumie kwa siku za kupumzisha miguu, au wakati goti au kifundo kinauma na hutaki kupoteza pumzi ulizokwisha kuzipata. Pima kwa dakika na mapigo. Siku za mbio ndefu, toka nje.

Kwa anayetaka kupunguza uzito, asizijali sana kilomita za mashine yoyote kati ya hizo mbili, na namba ya kalori aishuku zaidi, kwa kuwa mashine nyingi huikadiria bila kujua una kilo ngapi. Aliye na mashine inayopima wati kweli ana njia safi: wati 100 kwa saa nzima ni karibu kalori 360 za chakula. Hiyo ni kwa sababu kazi hiyo ni kilojuli 360, mwili hupoteza zaidi ya robo tatu ya nishati yake kama joto kwa hiyo unachoma kama mara nne ya kazi, na kalori moja ya chakula ni kama kilojuli 4.2, hivyo namba zinajikuta zinakutana. Asiye nayo achague mashine ambayo goti lake linaivumilia kwa dakika nyingi zaidi. Hapa wenye mgongo mbovu mara nyingi hupendelea eliptiko, na wenye miguu inayokufa ganzi wakisimama muda mrefu hupendelea kuketi.

Wanaonunua ya nyumbani ndio wanaodanganywa zaidi na skrini. Dukani utaonyeshwa neno WATT na kuambiwa hii ni ya kisasa. Kabla ya kulipa, omba iwekwe betri, panda, shika mizunguko 60 kwa dakika, soma wati. Kaza nobu mara kadhaa mpaka uhisi tofauti kubwa mguuni, rudi kwenye 60 ileile, soma tena. Baiskeli nyingi nafuu zina nobu inayovuta waya tu hadi kwenye sumaku, na waya huo hauna njia yoyote ya kuiambia skrini umekaza kiasi gani. Wati zisipobadilika wakati mguu unalalamika, zimetungwa kutokana na mizunguko, kama zilivyotungwa kilomita, na mashine hiyo uilipie bei ya ile isiyo na neno hilo kabisa.